Nani Alizibua Mtaro?

Wanangu wa Magomeni hapa Kilosa, ninyi mliochaguliwa kuwa makatibu wa vikundi, wa kamati za mitaro, wa vyama vya mazishi na wa timu za mpira, nawaandikia juu ya jambo moja tu katika maandishi yenu: vitenzi vyenu vimekuwa havina wenyewe. Kila kitu kimefanywa, kimeamuliwa, kimekabidhiwa, kimeelezwa. Msomaji akifika mwisho wa ukurasa anajua mambo yaliyotokea lakini hajui hata mtu mmoja aliyeyatenda.

Shuleni mlifundishwa kwamba kitenzi kina kauli zake. Kijana anazibua mtaro: hiyo ni kauli ya kutenda. Mtaro unazibuliwa: hiyo ni kauli ya kutendwa. Mwalimu aliwapa mtihani wa kugeuza sentensi kutoka kauli moja kwenda nyingine, mkapata alama, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyewaambia ni lini mtumie ipi, na ofisini mkakuta barua za zamani zimejaa kutendwa, mkadhani hiyo ndiyo lugha ya heshima. Mimi nasema kauli ya kutendwa ina kazi yake maalumu, tena kazi kubwa. Ila kazi hiyo si kumficha mtendaji ambaye mwandishi anamjua.

Tuchukue mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini kila aliyekaa kwenye vikao vyetu ataitambua sura yake:

"Katika kikao kilichofanyika, ilielezwa kuwa mtaro ulizibwa na takataka na kwamba michango ilikusanywa na ikakabidhiwa. Ilikubaliwa kwamba mtaro uzibuliwe na taarifa itolewe. Utekelezaji ulifanyika ambapo shilingi 180,000 zilitumika na kiasi cha shilingi 45,000 kilionekana kupungua."

Kisarufi hakuna kosa hata moja. Viambishi viko sawa, ngeli ziko sawa. Sasa pitia kitenzi kimoja kimoja na ukiulize: nani? Ilielezwa na nani? Michango aliikusanya nani, akamkabidhi nani? Nani wazibue? Taarifa aitoe nani, kwa siku gani? Shilingi 180,000 alizitumia nani, akamlipa nani? Na hizo 45,000, zilionekana na nani kuwa zimepungua? Maswali haya yote mweka hazina na mwenyekiti wanayajua majibu yake, au walipaswa kuyajua. Mwandishi naye alikuwapo. Mvua za mwakani zitakapokuja na mtaro ukaziba tena, atakayefungua daftari la vikao hatapata mtu wa kumwendea.

Dawa yake si kuchukua kila kitenzi na kukigeuza kama kwenye mtihani. Dawa ni kwanza kwenda kupata majibu. Ukishayapata, kauli ya kutenda inakuja yenyewe:

"Balozi alieleza kuwa mchanga wa mvua na taka za sokoni vimeziba mtaro. Mweka hazina aliandika risiti za michango ya kaya 45, kila kaya shilingi 5,000, jumla shilingi 225,000. Wajumbe waliamua vijana wa kikundi wazibue mtaro siku ya Jumamosi, na katibu asome taarifa kwenye kikao kitakachofuata. Vijana waliuzibua kwa siku mbili, na mweka hazina akawalipa shilingi 180,000. Kwenye fedha zilizopaswa kubaki, shilingi 45,000 zimepungua. Mweka hazina hajatoa maelezo yake bado."

Tazama sentensi ya pili kutoka mwisho. Sikuandika kwamba mweka hazina amechukua shilingi 45,000, kwa sababu kikao hakijui hivyo. Huenda kaya tisa hazikulipa na risiti ziliandikwa mapema. Huenda alimkopesha mtu. Nimeandika "zimepungua", kitenzi ambacho hakimnyooshei mtu kidole, halafu nikaandika kitu kimoja ambacho kikao kinakijua kwa hakika: maelezo hayajatolewa, na anayesubiriwa ni nani. Kuna anayedhani kwamba kuandika kwa kauli ya kutenda ni kumshitaki kila mtu. Sivyo. Ni kusema unachokijua na kuishia pale ujuzi wako unapoishia.

Sasa niwaonyeshe kwa nini Kiswahili chenyewe kinapenda kauli ya kutenda unaposimulia kazi za watu, maana si kwa sababu ya uwajibikaji peke yake. Kitenzi chetu kinabeba kiambishi cha mtenda mbele yake. Vijana wakiwa ndio watendaji, masimulizi yanakwenda hivi: vijana walifika alfajiri, wakazibua mtaro, wakatoa mchanga, wakakodi mkokoteni, wakaumwaga mchanga kando ya barabara. Kiambishi ni kile kile, wa, wa, wa, na msikilizaji anawaona watu wale wale mpaka mwisho. Igeuze uione: mtaro ukazibuliwa, mchanga ukatolewa, mkokoteni ukakodiwa, pesa zikalipwa, chakula kikanunuliwa. Kila kitenzi kina mwenyewe mpya: u ya mtaro si u ya mchanga wala ya mkokoteni, kisha zi, kisha ki. Msomaji anarukishwa kutoka mtaro hadi mchanga hadi pesa, na hakuna mtu wa kumfuata kwa macho. Ukiona aya yako inabadilisha mwenyewe kwa kila kitenzi, ujue umeingia kwenye kutendwa pasipo sababu.

Kuna na hili la "na". Neno hilo kwetu linafanya kazi nyingi: linaunganisha, linaonyesha kuwa pamoja, na linamtaja mtendaji baada ya kauli ya kutendwa. Ukiandika "mtaro ulizibuliwa na vijana na wazee walilipa", msomaji anasoma vijana na wazee kuwa wote walizibua, anafika kwenye "walilipa" anajikwaa, anarudi nyuma. Andika "vijana walizibua mtaro, wazee wakalipa". Maneno yamepungua na hakuna wa kujikwaa.

Mtaniuliza: mzee, je, kama habari yenyewe ni ya mtaro au ya pesa, si ya vijana? Ndiyo maana tunaanza na mtaro. Swali zuri, na hapa lugha yetu ina utajiri ambao wengi mnaupita bila kuugusa. Kiswahili kinakuruhusu kuweka kitu mbele na bado ukabaki na mtendaji, kwa kutumia kiambishi cha mtendwa ndani ya kitenzi. "Fedha hizi mweka hazina alizipokea Jumatatu, akazipeleka benki Jumanne." Fedha zimetangulia, ndizo zinazozungumzwa, na mtu hajapotea. "Mtaro huu wananchi waliuchimba wenyewe." "Barua hiyo mtendaji wa kata aliisoma mbele yetu." Ndivyo tunavyosema barazani kila siku, lakini tukishika kalamu tunakimbilia "ilisomwa na mtendaji". Sijui kwa nini tunaona aibu kuandika jinsi tunavyosema vizuri.

Hali kadhalika kwenye virejeshi. Mnaandika "mtaro uliozibuliwa na vijana", "fedha zilizopokelewa na mweka hazina", "hotuba iliyotolewa na diwani". Si makosa. Lakini jaribuni "mtaro waliouzibua vijana", "fedha alizozipokea mweka hazina", "hotuba aliyoitoa diwani". Mtendaji amekaa mwisho, mahali pa mkazo, na ile "na" imeondoka. Vitumieni kwa kiasi. Aya yenye virejeshi vinne vya namna hii nayo inachosha.

Kabla sijafika kwenye sifa za kutendwa, niwatahadharishe na dawa mbili za uongo.

Ya kwanza ni ile ya "kufanyika". Kijana ameambiwa apunguze kutendwa, basi anafuta "mtaro ulizibuliwa" anaandika "uzibuaji wa mtaro ulifanyika". Anafuta "fedha zilikusanywa" anaandika "zoezi la ukusanyaji wa fedha liliendeshwa kwa ufanisi". Kitenzi chenye nguvu kimegeuzwa jina, kisha kikatafutiwa kitenzi kisicho na kazi cha kukibeba. Hii ni mbaya kuliko kutendwa kwenyewe, maana "ulizibuliwa" walau inakiri kwamba yuko mtu aliyezibua. "Ulifanyika" haikiri chochote. Ukikuta zoezi, utekelezaji, ufanyikaji na uendeshaji vimepangana kwenye sentensi moja, tafuta kitenzi kilichojificha ndani yake, kitoe nje, ukipe mtu.

Ya pili ni kiambishi "wa" kisicho na watu. "Wamezibua mtaro." Ni kauli ya kutenda, mwalimu atatoa alama. Lakini wamezibua akina nani? Kama jina halikutangulia, umemficha mtendaji vile vile, ila kwa mlango mwingine.

Sasa kutendwa. Mtu asije akawadanganya kwamba kauli hii ni ugonjwa wa kuondolewa. Ipo methali mliyoisikia tangu mkiwa wadogo: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Vitenzi viwili, vyote vya kutendwa, na watendaji wote wawili wametajwa. Jaribu kuigeuza: ulimwengu humfunza yule ambaye mamaye hakumfunza. Maana ipo, lakini methali imekufa. Wahenga walimtaka mtoto awe mbele, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu habari ni ya mtoto. Mama na ulimwengu wanapita tu katika maisha yake. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na kubwa ya kutumia kutendwa: mtu unayemfuata ndiye anayepatwa na mambo.

Tulio Kilosa tunazo habari za namna hiyo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia kwenye makazi, maelfu ya watu wakahama nyumba zao, na Reli ya Kati ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe. Katika kuusimulia mto, kauli ya kutenda inafaa kabisa: mto ulifurika, maji yaliingia, maji yalibeba. Lakini chukua habari ya bibi mmoja wa wakati ule, bibi wa kubuni. Bibi alipanda juu ya meza, akakaa hapo mpaka asubuhi, akaokolewa na vijana, akapelekwa shuleni, akapewa blanketi na uji, akalala. A, a, a: bibi yupo mwanzo mpaka mwisho. Ukisema vijana walimwokoa, mtu mwingine akampeleka shuleni, watu wa msaada wakampa blanketi, umemleta mgeni kwenye kila kitenzi na bibi amesukumwa pembeni ya habari yake mwenyewe. Ni kanuni ile ile ya kiambishi niliyoitaja kwa vijana wa mtaro, imegeuka upande. Ukifuata watendaji, tenda. Ukifuata anayetendwa, tendwa.

Tena yapo mambo ambayo Kiswahili hakina namna nzuri ya kuyasema isipokuwa kwa kutendwa. Mtu amefiwa na mama yake. Utaigeuzaje? "Mama yake amemfia" tunasema kwa mgonjwa aliyekata roho mikononi mwa mtu, si habari ile ile. Mtu ameibiwa simu, ameishiwa na dawa, ameharibikiwa na pikipiki njiani, amenyeshewa na mvua. Hapa mtu aliyepatwa na jambo ndiye mhusika, na lugha imeshamjengea kauli yake. Kijana atakayeandika "mwizi asiyejulikana ameniibia simu" kwa sababu amesikia kutendwa ni kubaya, amepoteza wino. Umeibiwa simu. Basi.

Kisha iko kauli ya tatu, ambayo ushauri wa Kiingereza kuhusu uandishi hauigusi kwa sababu Kiingereza hakina kiambishi chake, na ndiyo inayotudai umakini zaidi. Ni kauli ya kutendeka. Chukua tuta la mto. Maji yalibomoa tuta. Tuta lilibomolewa. Tuta lilibomoka. Sentensi tatu, na kila moja inadai jambo tofauti. Ya kwanza inataja maji. Ya pili inasema yuko aliyebomoa hata kama hatajwi, na msikilizaji ataanza kumtafuta mwenye sururu. Ya tatu inasema tuta lenyewe lilifikia hali hiyo, haina mtendaji, na huwezi kumwongezea. Reli ya mwaka 2010 ilikatika. Ukiandika tu kwamba ilikatwa, bila kuyataja maji, mgeni atadhani kulikuwa na watu na misumeno.

Kwa hiyo msiichukue kauli ya kutendeka kama namna nyepesi ya kukwepa. Pampu ya kisima ikiwa imechakaa ikafa yenyewe, imeharibika. Ikiwa mtu alifungua nati usiku akaondoka na mpini, imeharibiwa, hata kama hatujui ni nani. Katibu anayeandika "imeharibika" kwa pampu iliyoibiwa mpini anawaambia wajumbe watafute fundi, wakati walipaswa kutafuta mlinzi. Na anayeandika "imeharibiwa" kwa pampu iliyozeeka anaamsha fitina kati ya majirani. Kabla ya kuchagua kati ya "ka" na "wa" mwishoni mwa kitenzi, nendeni mkaione pampu.

Lipo pia la upatanisho, na hapa wazee wenzangu wengine hawatakubaliana nami kwa kiwango fulani. Ndugu wawili wakigombana na baraza likawapatanisha, mwandishi anaweza kuandika kwamba maneno makali yalisemwa, na akaishia hapo. Jina la aliyetukana halisaidii mtu, na wote waliokuwapo wanalijua. Kutendwa hapo ni stara. Mimi naikubali stara hiyo katika ugomvi wa ndani ya nyumba. Siikubali kamwe katika hesabu ya fedha, katika mgawanyo wa ardhi, wala katika kazi ambayo kesho mtu atatakiwa kuifanya. Wanaosema stara ni stara popote, wanipeleke kwenye daftari la michango ambalo stara imelisaidia.

Nimalizie na sentensi ngumu kuliko zote kwa mwandishi wa wilaya hii, ile ya shamba na ng'ombe. Mnaijua historia. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliua watu zaidi ya 30. Tangu hapo na kabla ya hapo, kila msimu mtu huamka akakuta mahindi yake hayapo, na katibu huitwa kuandika. Ana sentensi tatu mbele yake. "Wafugaji wamelisha shamba." "Shamba limeliwa na ng'ombe." "Mahindi yameliwa."

Ya kwanza ni kauli ya kutenda, iko wazi, ina mtendaji. Nayo inadai makubwa: kwamba walikuwapo watu, kwamba watu hao ni wafugaji, na kwamba waliwaingiza ng'ombe kwa kusudi, maana kulisha ni kitendo cha mtu anayejua anachokifanya. Kama hakuna aliyewaona, sentensi hiyo ni tuhuma juu ya jamii nzima, iliyoandikwa na mtu ambaye hakuona. Ya tatu inasema kidogo mno, maana nguruwe na nyani nao hula mahindi. Ya pili ni ya kutendwa, na ikiwa nyayo na kinyesi viko shambani, ndiyo ya kweli: mnyama umemjua kwa alama zake, mwenye mnyama hujamjua. Iandike hiyo. Halafu chini yake rudi kwenye kauli ya kutenda kwa yale ambayo watu waliyafanya mbele yako: mwenye shamba alituonyesha nyayo upande wa mtoni, mjumbe wa wafugaji alizikagua pamoja nasi, bwana shamba alipima ekari iliyoliwa, na jirani fulani alisema alisikia kengele saa tisa usiku lakini hakutoka. Mtaje kila mmoja kwa jina lake, na kila mmoja atie sahihi kando ya kitenzi chake.